Ugomvi wa bei kwenye barua pepe: mpigie kwanza, kisha uandike

*"Shikamoo mwalimu. Nina karakana ya kushona Majengo, Mombasa. Hoteli moja ya Bamburi iliniagiza jozi 120 za mapazia kwa shilingi 4,200 kila jozi, ikanilipa asilimia 40 mwanzo. Kitambaa cha jozi 50 nikakinunua papo hapo. Baadaye mwenye duka wa Biashara Street akapandisha kutoka 650 hadi 780 kwa mita, na jozi moja inakula mita tano. Nikamwandikia imeili meneja wa ununuzi, anakaa Nairobi, kwamba bei sasa ni 4,850. Akajibu mstari mmoja: 'Kwa nini bei yote imebadilika?' Hata salamu hakuna! Nilikasirika, nikamjibu kwa hoja saba na nikamweka meneja mkuu kwenye nakala. Naye akajibu: 'Tutarejea kwenye mkataba.' Tangu juzi usingizi siupati. Nimjibu vipi?"*

Marahaba, mwanangu. Usimjibu kwa barua pepe. Mpigie simu kesho asubuhi, na barua uiandike mkishaagana. Nitakueleza sababu, halafu tuipitie hiyo simu na hiyo barua kwa hesabu zako mwenyewe.

Tuanze na ule mstari wake. Usome kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza usome kama mtu aliyekunja uso, anayekuona mlaghai. Mara ya pili usome kama karani mwenye faili mkononi, anayetaka sababu ya kuandika kwenye fomu ya uhasibu kabla bosi wake hajamuuliza. Maneno ni yaleyale, na namna zote mbili za kuyasoma zinakubalika. Wewe uliisikia sauti ya kwanza peke yake, na uliisikia waziwazi kana kwamba yeye mwenyewe amesema. Sisemi kwamba namjua moyo wake. Huenda kweli alikutilia shaka. Ninachosema ni kwamba mstari ule haukukuambia lolote kuhusu hasira yake wala utulivu wake. Sauti uliyoisikia ilitoka kwako.

Na ile salamu iliyokosekana imekuumiza zaidi kwa sababu umelelewa Pwani, ambako mtu hakuulizi hata bei ya nazi kabla hajakujulia hali. Katika ofisi nyingi za Nairobi, barua ya pili kwenye mazungumzo yaleyale huhesabiwa kuwa mwendelezo wa ile ya kwanza, kwa hivyo watu hawarudii salamu. Anayeandika hivyo hajioni amekosa adabu. Isitoshe, kama barua zenu ni za Kiingereza, kama zilivyo nyingi za biashara hapa kwetu, basi nyote wawili mnaandika kwa lugha ya ofisini ambayo hamuitumii kubembelezana wala kutaniana, na kila sentensi hutoka kavu kuliko mlivyokusudia.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio ambayo watu walitumiana sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wengine kwa barua pepe na wengine kwa sauti. Waandishi walitarajia kwamba wasomaji wangetambua ipi ni ipi mara 78 katika kila 100. Waliosikia sauti walipatia mara 73 hivi. Waliosoma barua pepe walipatia 56, na mtu akibahatisha tu kwa kurusha sarafu atapata 50. Mimi ninachokirudia kila mara katika utafiti huo ni kwamba wasomaji nao waliamini wamepatia. Hakuna upande uliojua kwamba kuna kitu kimepotea njiani.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Ukiandika, unajisikia mwenyewe kichwani. Uliposema "bei sasa ni 4,850" ulijisikia kwa sauti ya unyonge, ya mtu aliyepandishiwa kitambaa na mwenye duka na hana la kufanya. Sauti hiyo haikuingia kwenye barua. Meneja alipokea tarakimu peke yake, akaisikia kwa sauti ya hofu zake: labda keshaumwa na wauzaji waliojaza bei katikati ya kazi. Mtafiti mwingine, Kristin Byron, aliandika mwaka 2008 kwamba hisia kwenye barua pepe huwa na mwelekeo wa kuteremka. Jambo la ukunjufu husomwa kama la kawaida, na la kawaida husomwa kama la ubaya. Kwa hiyo mtu anayeandika kwa utulivu tu, bila chuki yoyote, tayari yuko hatarini kusomwa kama mkali.

Sasa twende kwenye zile hoja saba, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Mngekuwa mmekaa meza moja pale hotelini, hoja ya kwanza isingefika mwisho. Ungesema "kitambaa kimepanda," angekukatiza: "Hata kile ulichokwisha nunua?" Ungejibu hapana, na ugomvi ungeishia hapo. Kwenye barua pepe hakuna wa kukukatiza. Mtu anayeandika peke yake saa tano usiku huongeza hoja moja, kisha nyingine, kwa kuamini kwamba wingi wake utamshinda mwenziwe. Anayepokea naye huwa na wakati wa kuzisoma tena na tena, na kila akisoma huona kitu kipya cha kumuudhi. Kisha hujibu ile iliyo dhaifu kuliko zote, na zile sita nzuri haziguswi. Mwaka 2003 Raymond Friedman na Steven Currall waliandika kwa kirefu namna barua pepe zinavyochochea migogoro, na haya mawili, kurundika hoja pamoja na kuyatafuna maneno ya mwenzio mara kwa mara, ni katika waliyoyataja. Najua ulidhani unaeleza tu. Aliyeko upande wa pili aliona mashitaka ya makosa saba.

Kumweka meneja mkuu kwenye nakala nako kuna gharama yake. Kabla ya hapo, meneja wa ununuzi angeweza kukwambia, "Sawa, tugawane." Sasa bosi wake anasoma. Akikupa hata shilingi mia, ataonekana ametishwa na fundi mapazia. "Tutarejea kwenye mkataba" ni maneno ya mtu anayejikinga mbele ya mkubwa wake. Mimi siyasomi kama vita. Naona mtu aliyefungiwa njia ya kurudi nyuma bila kuaibika, na kazi yako kesho ni kumfungulia.

Kabla ya simu, kuna jambo lazima nikwambie bila kuzunguka. Swali lake, hata kama lilikuwa kavu, ni swali la haki. Kitambaa cha jozi 50 ulikwisha kukinunua kwa bei ya zamani, mita 250 kwa shilingi 162,500, kutoka kwenye dipoziti yake ya 201,600. Hizo jozi 50 hazikukugharimu zaidi hata senti moja. Lakini barua yako ilidai 650 juu ya kila jozi, zote 120, yaani shilingi 78,000. Hasara yako ya kweli iko kwenye jozi 70 zilizobaki, nayo ni 45,500. Tofauti ni 32,500, na yeyote anayejua umeshanunua kitambaa ataiona. Sidhani ulitaka kumpunja. Nadhani ulipiga hesabu ya jozi moja ukaizidisha kwa oda nzima. Ila yeye hana njia ya kujua hivyo, na hii ndiyo sababu nasema usimjibu tena kwa maandishi kabla hesabu haijasafishwa.

La pili, mlikubaliana 4,200. Kama hakuna kipengele kinachosema bei inaweza kupanda pamoja na bei ya kitambaa, basi kwa kawaida bei mliyokubaliana ndiyo bei. Unachokiomba ni marekebisho ya makubaliano. Huna haki ya kukidai. Watu wengi huniambia kwamba waliandika kwa ukali ili waonekane wana msimamo. Msimamo unafaa pale unapodai chako. Unapomwomba mwenzio abebe mzigo pamoja nawe, ukali humpa sababu nzuri ya kukataa.

Sasa simu. Mpigie asubuhi, si Ijumaa mchana na si mwisho wa mwezi anapofunga mahesabu. Kwanza mtumie ujumbe mfupi kumuuliza ni saa ngapi anaweza kuzungumza dakika kumi, ili usimkute katikati ya mkutano mbele ya bosi wake. Akipokea, msalimie kwa namna yako ya Pwani, muulize hali, wala usiharakishe. Salamu hiyo ina kazi. Michael Morris na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watu waliopiga soga fupi kwa simu, ya kujuana tu, kabla ya kujadiliana kwa barua pepe, walielewana vizuri zaidi na walikwama mara chache kuliko walioingia moja kwa moja kwenye maandishi. Hawakuzungumzia bei kwenye simu ile. Walichopata ni sauti ya mtu, na baadaye walipokuwa wakisoma barua zake waliisikia sauti hiyo badala ya sauti za hofu zao.

Baada ya salamu, sema mambo mawili kabla ya kutaja pesa. Moja: "Uliniuliza kwa nini bei yote imebadilika, nami badala ya kukujibu nikakuandikia mambo saba. Swali lako lilikuwa sawa, na nimerudia hesabu." Pili: "Kumweka meneja mkuu kwenye nakala kulikuwa kwa hasira. Nitamwandikia kumjulisha kwamba tunazungumza vizuri mimi na wewe." Kisha nyamaza. Mwache aseme yake, hata kama ni dakika tatu za lawama. Kwa kuwa sasa unasikia sauti yake, utajua kama ni mtu aliyekasirika, aliyechoka, au aliyebanwa tu na bajeti, na mambo hayo matatu hayajibiwi kwa namna moja.

Akimaliza, mpe hesabu iliyo safi. Jozi 50 zinabaki 4,200. Jozi 70 zitakugharimu 650 zaidi kila moja, jumla 45,500. Mwambie utamtumia risiti ya zamani ya duka pamoja na bei ya sasa iliyoandikwa na mwenye duka. Kisha muulize, usimwamrishe: "Tunaweza kulibeba vipi hili?" Uwe na majibu yako tayari, maana akikuuliza unapendekeza nini hupaswi kubabaika. Mkigawana nusu kwa nusu, jozi 70 zinakuwa 4,525 na oda nzima inafika 526,750. Kama bajeti yake haiwezi kuongezeka hata kidogo, na hoteli nyingi ziko hivyo, mwombe kitu kisichogusa bajeti: azichukue jozi 50 zilizo tayari sasa hivi na kukulipa salio lake wiki hiyohiyo, upate fedha za kununulia kitambaa kilichobaki kwa mkupuo na kumbembeleza mwenye duka akupunguzie. Au mkubaliane kitambaa cha daraja la chini kidogo kwa vyumba vya nyuma. Mambo kama haya huzaliwa kwenye mazungumzo. Kwenye barua pepe ni nadra kuzaliwa, kwa sababu kila mtu huandika jibu la mwisho badala ya wazo la kwanza.

Najua utaniambia kwamba simu haiachi ushahidi. Ndiyo hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwa wafanyabiashara wa hapa mjini, na ina ukweli. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokewa mahakamani zikitimiza masharti yake, na zile hoja zako saba ni ushahidi pia, dhidi yako, pamoja na ile 78,000. Lakini hulazimiki kuchagua kimoja. Mnazungumza kwa simu, kisha ndani ya saa moja unaandika mlichokubaliana. Barua yako iwe fupi kiasi cha kusomeka yote kwenye skrini ya simu bila kuivuta:

*"Habari za asubuhi, Bwana. Asante kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa, jozi 50 zitaletwa Jumatano kwa bei ya 4,200. Kwa jozi 70 zilizobaki umesema utauliza uhasibu kuhusu 4,525 na kunijulisha kufikia Ijumaa. Nimeambatisha risiti ya zamani ya kitambaa na bei ya sasa ya duka. Kama kuna nilipokuelewa vibaya, tafadhali nisahihishe."*

Tazama jinsi ilivyo. Inasema jambo moja, siku zimetajwa, namba zimetajwa, na yeye ameachiwa mlango wa kusahihisha. Hakuna "kama nilivyokwisha kueleza" wala "tafadhali zingatia kwamba." Hayo mawili yatoe kwenye barua zako zote za biashara. Wewe ukiyaandika unaona ni adabu za ofisini, lakini anayesoma anasikia mwalimu akimgombeza mtoto asiyeelewa. Meneja mkuu usimweke kwenye nakala ya barua hii. Mwandikie peke yake mistari miwili, kwamba umezungumza na meneja wa ununuzi na jambo linaendelea vizuri. Hapo yule wa Nairobi atakuwa amesifiwa mbele ya bosi wake.

Hapa naona niseme kidogo kuhusu WhatsApp, kwa sababu wengi hukimbilia huko. Ujumbe wa sauti unasaidia, kwa kuwa sauti ipo. Lakini bado hakuna wa kukukatiza, na mtu akikasirika hurekodi dakika nne ambazo ni zilezile hoja saba kwa mdomo. Zile alama za bluu nazo zina fitina yake: unaona ameusoma saa mbili asubuhi, saa nane hajajibu, na ukimya wake unaanza kuutungia hadithi. Ukimya ndani ya maandishi husomeka vibaya kama ule mstari wake mmoja ulivyosomeka. Vialama vya kucheka siviamini kwenye mambo ya fedha. Kwa mliyezoeana havidhuru, na kwa mnayegombana naye huonekana dharau.

Pia sitaki uondoke ukidhani simu ni dawa ya kila ugomvi. Utafiti uliokusanya majaribio mengi unaonyesha kwamba kusikiana na kuonana huwasaidia zaidi watu ambao bado hawajaamua kupigana. Wakishaamua kuumizana, sauti na uso huongeza moto, na maandishi huwa nafuu. Kwa hiyo ukipiga akaanza kufoka au kukutukana, usibishane naye. Sema, "Naona leo si siku nzuri, nitakuandikia hesabu na risiti," ukate kwa heshima, kisha uandike barua fupi kama ile. Na kama unajijua kwamba ukisikia sauti ya mkubwa unakubali kila kitu, andika pembeni kabla ya kupiga kiwango ambacho hutashuka chini yake, na uwe na ruhusa yako mwenyewe ya kusema, "Nipe mpaka kesho nifikirie."

Kama uko tayari kupanda matatu hadi Bamburi, nenda pia umwone msimamizi wa vyumba pale hotelini, anayeyasubiri mapazia. Usiende kumshitaki mtu kwake. Mpelekee jozi moja iliyomalizika aishike mkononi. Watu wa ununuzi huwasikiliza sana watu wa vyumba.

Sasa kuna hali ambazo nakusihi umwone mtu ana kwa ana na uache kuandika kabisa. Ukipokea barua inayosema oda imefutwa, au inayotaka urudishe dipoziti, au iliyoandikwa na wakili wao, mpelekee wakili mkataba wako na barua zote kama zilivyo, bila kufuta hata moja. Wewe mwenyewe usimjibu wakili wao. Vilevile ukitaka kutoa pendekezo la kumaliza jambo huku unaogopa litatumiwa dhidi yako baadaye, wakili atakuonyesha namna ya kuliandika kwa masharti ya "bila kuathiri haki." Kama wote wawili mnataka kumaliza lakini hamwezi kuzungumza bila kugombana, tafuteni msuluhishi aketi kati yenu. Saa mbili za kukaa chumba kimoja na mtu asiye na upande zinaweza kumaliza yaliyoshindikana kwa wiki za barua.

Na ikishindikana kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Oda yako yote haifiki huko, na hapo mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Ila pima kabla ya kwenda. Kinachobishaniwa ni 45,500, mkataba unasema 4,200, na hoteli ile inaweza kukuagiza mashuka mwakani. Mimi kwa hesabu hiyo ningeimaliza kwa simu, hata kwa kubeba nusu ya hasara. Hesabu itageuka ikiwa wamezichukua jozi 50 na wanakataa kulipa salio lake. Hilo ni deni lako halali. Mtumie barua moja ya kumkumbusha yenye tarehe na kiasi, na asipolipa ndani ya muda uliompa, nenda ukaonane na wakili.